Mpunga umekuwa njano kwenye picha: ni njaa ya naitrojeni au ni sumu ya chuma?

Wiki kadhaa zilizopita mdogo wangu kanitumia picha ya jaruba saa kumi na mbili jioni, jua linazama, maji yanang'aa kama kioo, mpunga wote njano. Chini kaandika "kaka mpunga umeungua, nataka nichukue urea mifuko miwili kesho, unasemaje?" Nikamjibu mdogo wangu shikilia hela yako kwanza, hiyo picha haisemi kitu. Akakasirika kidogo, akaona namkawiza. Ila mi mwenyewe nishawahi kupoteza pesa na mpunga kwa picha ya namna hiyo hiyo, nitaeleza hapo chini, kwaiyo leo naandika jinsi ninavyosoma picha za miche iliyopandikizwa kwenye maji, hatua kwa hatua, maana hii kesi ya njano mbili naiona kila msimu.

Kwanza elewa kwanini watu wanachanganya. Mche ukikosa naitrojeni unaanza kunyonya ile iliyopo kwenye majani ya chini unaipeleka juu kwenye jani jipya, ndo maana majani ya chini yanapauka kwanza. Sasa chuma nacho kinaanzia majani ya chini, ila kwa sababu tofauti kabisa: udongo ukikaa na maji siku nyingi hewa inaisha mle ndani, chuma kilichokuwa kutu ngumu kinayeyuka, mizizi inakinywa pamoja na maji, kinapanda hadi kwenye jani na kinabaki humo humo hakihami. Jani la chini ndo limekunywa siku nyingi zaidi kwaiyo ndo linaumia wa kwanza, tena kuanzia nchani. Kwaiyo ukisikia mtu anasema "yakianzia chini ujue ni naitrojeni" mwambie hiyo ni nusu ya habari. Zote mbili zinaanzia chini, zote mbili zinaanzia nchani. Kinachotofautisha ni rangi imekaaje ndani ya jani, imeenea sawasawa au imekaa kwa madoa.

Na hapo ndo picha ya mbali inapotuponza. Madoa ya chuma yanaanza madogo sana, kama mtu kachomachoma jani kwa ncha ya sindano iliyochovywa kwenye chai ya rangi, na katikati ya doa na doa jani bado kijani. Ukipiga ukiwa umesimama mita tano, simu haiwezi kuona doa moja moja, inachanganya kahawia na kijani inakupa njano chafu hivi. Ukituma Wasapu inaminya picha, kile kidogo kilichobaki kinafutika. Anayepokea anaona jaruba la njano, anasema urea.

Kabla hata hujatoa simu, hesabu siku

Mche umepandikizwa lini? Kama hazijafika siku kumi, usihukumu rangi kabisa. Mche uliong'olewa kitaluni mizizi imekatika, lazima upauke kidogo kisha ushike. Nimeona watu wanamwaga mbolea siku ya sita kwa mshtuko wa kupandikiza tu, ambao ungeisha wenyewe. Sumu ya chuma mara nyingi inaanza kuonekana wiki ya kwanza au ya pili baada ya kupandikiza, inaweza kuchelewa zaidi, na njaa ya naitrojeni inaonekana vizuri kuanzia wiki ya pili ya tatu hivi, wakati mche unataka kutoa machipukizi na chakula hamna. Andika na jina la mbegu, maana kila mbegu ina kijani chake, usilinganishe SARO 5 yako na mbegu ya kienyeji ya jirani ukasema ya kwako imepauka.

Kupiga picha zenyewe

Piga saa tatu hadi saa tano asubuhi, au siku yenye mawingu mepesi ambayo kwangu ndo nzuri kuliko zote. Jioni jua linapaka kila kitu njano, hata mpunga wenye afya. Saa saba mchana maji yanarudisha mwanga wa mbingu na majani yanaonekana meupe meupe. Zima flashi. Simu nyingi sa hivi zina ile kitu ya kurembesha picha zenyewe, ikiona majani inaongeza kijani bila kukuuliza, kaitafute kwenye kamera uizime, la sivyo utamtumia mtu mpunga mzuri kuliko ulio nao shambani.

Chukua karatasi nyeupe ya daftari, ile isiyo na mistari kama unayo. Hii karatasi ndo shahidi wako. Kila picha ya karibu iwe na karatasi ndani yake, halafu ukija kuiangalia unaanza na karatasi kabla ya jani: karatasi ikionekana njano, basi picha nzima imepakwa njano na jani lako limeonewa. Ikionekana bluu bluu, njano ya kweli imefichwa. Unaweza kuirekebisha kwenye simu kwa kuvuta ile sehemu ya joto la rangi mpaka karatasi iwe nyeupe, jani litafuata lenyewe, ila mi napenda kurudia picha kuliko kurekebisha.

Picha ninazotaka ni tano. Ya kwanza jaruba zima ukiwa umesimama kwenye tuta, jua mgongoni kwako, na uonyeshe maji yanapoingilia na upande wa mlima au mwinuko kama upo. Ya pili shina moja kwa ubavu, inama mpaka simu iwe karibu na maji, usipige kutoka juu. Ya tatu ndo muhimu kuliko zote: kata jani la juu lililokwisha kufunguka lote (lile bado limejikunja usilihesabu) na jani la tatu au la nne ukihesabu kwenda chini, yafute matope kwa kidole na maji, yalaze kwenye karatasi bega kwa bega, yatie kivuli kwa mwili wako, piga kwa karibu mpaka mishipa ya jani inaonekana. Ya nne ng'oa shina moja lote, usivute kwa hasira mizizi itabaki chini, chimba kwa mkono, suuza, laza mizizi kwenye karatasi. Ya tano uso wa maji pale yalipotulia, kwenye kona.

Ukituma usitume kama picha ya kawaida, bonyeza ile alama ya kuambatisha, chagua `Document`, itafika kama ilivyo bila kuminywa. Bando litaliwa kidogo lakini ndo hivyo.

Sasa kuisoma

Anza na majani mawili kwenye karatasi. Njaa ya naitrojeni inavyoonekana: jani la chini limepauka njano ya limao, njano safi, imeanzia nchani imeshuka, na ukivuta picha hakuna madoa, rangi ni laini kama kitambaa kilichochujuka. Jani la juu nalo si kijani kizuri, ni kijani chepesi, kwasababu mche mzima una njaa, wa juu anakula kwa kumnyang'anya wa chini lakini naye hashibi. Majani ni membamba, mafupi, yamesimama wima, na shina lina machipukizi mawili matatu wakati la jirani lina sita.

Sumu ya chuma: jani la chini lina madoa madogo ya kahawia yaliyojazana nchani na kupungua kadri unavyoshuka kwenda kwenye shina, yapo katikati ya mishipa, na baadae yanaungana jani linakuwa rangi ya chungwa lililoiva, au kutu, au zambarau iliyochanganyika na kahawia, nchani linakauka na kujikunja. Ila angalia jani la juu. Jani la juu mara nyingi bado kijani chake, tena wakati mwingine kijani kilichokolea kisicho na uhai. Hiyo tofauti ya juu kijani na chini kutu kwenye karatasi moja ndo inanipa jibu nusu.

Nusu nyingine iko kwenye mizizi na maji. Mizizi ya mpunga wenye njaa ya naitrojeni ni mizima tu, myeupe au yenye kutu nyepesi ya rangi ya matofali kwa juu, na hiyo kutu nyepesi isikutishe, ni kawaida, ni mzizi unatoa hewa unakigandisha chuma nje kisiingie. Mzizi uliozidiwa ni mchache, mnene, umefunikwa kahawia iliyokolea au mweusi, na ukiusuuza hauna vile vizizi vidogo kama nywele. Kwenye maji tafuta utando unaong'aa rangi rangi kama mafuta ya taa yamemwagika, na tope la rangi ya chungwa limeganda kwenye tuta. Watu wanadhani ni dizeli ya pawatila. Chukua kijiti uuchokoze: mafuta yatajirudi yaungane tena, utando wa chuma utavunjika vipande vipande kama barafu nyembamba na hautaungana.

Picha ya jaruba zima naisoma mwisho, na siangalii rangi, naangalia ramani. Njaa ya naitrojeni inaenea jaruba lote, au inafuata mkono wa aliyemwaga mbolea, ukiona pale ng'ombe aliponyea kuna duara la kijani limesimama peke yake basi kesi imekwisha. Chuma kinafuata maji: mstari kando ya mwinuko pale maji yanapochuruzika kutoka ardhini, au shimo ambalo halikauki mwaka mzima. Maji ya chini ya ardhi yanayotoka kwenye udongo mwekundu wenye tindikali yanakuja na chuma chake tayari kimeyeyuka, ndo maana vibonde vidogo chini ya milima vinasumbuka kuliko mbuga pana yenye maji ya mto.

Kuna wengine wanaofanana nao na lazima uwatoe kwanza. Kimyanga kinaleta njano pia, ila ni njano ya mistari na mabatobato inayofuata urefu wa jani, na inaonekana hata kwenye majani machanga, mashina yamedumaa kwa viraka viraka, hapo mbolea haisaidii ni virusi. Njano inayoanzia jani la juu huku la chini kijani mara nyingi ni salfa imepungua, sio naitrojeni. Na madoa ya kahawia yanayofanana sana na chuma yanaweza kuwa upungufu wa zinki, ila angalia mshipa wa katikati wa jani changa karibu na shina, kwenye zinki unakuwa mweupe, na upungufu wa zinki unapenda udongo wa magadi wakati sumu ya chuma inapenda wa tindikali. Nakiri hawa wawili kwa picha peke yake hata mi wananishinda wakati mwingine, bila kujua udongo siwezi kuapa.

Turudi kwa mdogo wangu

Kesho yake saa nne akanitumia picha tano, tena kutoka majaruba mawili maana nilimwambia apige na lile la chini. Mpunga SARO 5, siku ya 19 tangu kupandikiza, yote mawili yanamilikiwa na yeye, yamepandwa siku moja, yamepishana mita arobaini hivi. Ile njano ya jioni nusu yake ilikuwa jua, karatasi ilionyesha nyeupe na mpunga ukawa umepona kidogo bila dawa.

Jaruba la juu liko mguuni mwa mlima kabisa. Jani la juu kijani. Jani la nne, nikavuta picha, nchani madoa kama mtu kapuliza unga wa kahawa, hadi nusu ya jani, chini ya hapo kijani. Mizizi kahawia nyeusi, michache. Kwenye kona utando unang'aa, akauchokoza ukavunjika. Na mstari mbaya zaidi upo upande wa mlimani, hatua nne tano hivi, kisha unapungua. Chuma.

Jaruba la chini jani la nne njano limao lote, hakuna doa hata moja, jani la juu kijani chepesi, mizizi myeupe, machipukizi mawili. Njaa. Yaani shamba moja, mwenyewe mmoja, siku moja, magonjwa mawili, na kutoka kwenye tuta jioni yote yalikuwa njano ileile. Ile mifuko yake miwili nusu ingefanya kazi na nusu ingetupwa majini.

La chini hatukumwaga moja kwa moja, tulijaribu. Pima mraba wa mita 2 kwa mita 2, weka vijiti kwenye kona, mwaga gramu 50 za urea humo. Hesabu yake ni nyepesi: mfuko wa kilo 50 kwa eka moja yenye mita za mraba 4,047 ni kama gramu 12 kwa kila mita ya mraba, mara nne unapata karibu 50. Maji yapunguze yabaki kidogo tu juu ya tope na ziba mlango wa maji siku tatu yasitoke, la sivyo unamlisha jirani. Zungushia tope kidogo kwenye huo mraba ili urea isisambae. Siku ya sita akapiga picha, karatasi ndani, mraba umesimama kijani kama mkeka uliotandikwa kwenye vumbi. Ndo akaweka lote, nusu wakati ule na nusu akaibakisha kwa kabla mpunga haujashika mimba. Asingeona tofauti baada ya wiki ningemwambia aache, tutafute kingine. Na kwenye jaruba la maji usiweke mbolea ya CAN, nusu ya naitrojeni yake iko katika hali ambayo ikikosa hewa inageuka gesi inapaa.

La juu ni kinyume, hapo hatukuongeza kitu kwanza, tuliondoa maji. Alichimbisha mfereji wa kukinga mguuni mwa mlima, kina cha koleo moja na nusu, ili yale maji ya kuchuruzika yapite pembeni yasiingie. Kisha akafungua jaruba likauka siku nane, mpaka tope likaanza kuonyesha nyufa nyembamba kama nywele, usiache ipasuke mpaka mguu unaingia. Hewa ikiingia chuma kinarudi kuwa kutu ngumu, mzizi unapumua. Akarudisha maji machache, akaweka mbolea ya potashi, MOP, nusu mfuko kwa eka maana mche wenye potashi ya kutosha unakizuia chuma vizuri zaidi mlangoni, na urea kidogo baada ya maji kurudi, sio kabla ya kukausha, kwasababu naitrojeni iliyomo kwenye udongo unaokauka halafu ukafurika tena inapotea nyingi.

Hapa watu wengi wanakata tamaa bure: wanakausha, wanapiga picha baada ya wiki, wanaona madoa yako palepale, wanasema haijasaidia. Madoa hayafutiki. Lile jani limeshakufa nusu halirudi kijani. Funga uzi kwenye jani la juu siku unayofungua maji, halafu angalia majani yaliyotoka baada ya uzi tu. La mdogo wangu majani mawili yaliyotoka juu ya uzi yalikuwa safi.

Na lile kosa langu nililosema. Msimu mmoja nilikuwa na jaruba la kona lenye maji mekundu, nikaona njano, mshauri mmoja kaangalia picha kwenye simu yangu sekunde mbili akasema weka SA, ile mbolea ya naitrojeni yenye salfeti. Nikaweka SA mfuko mzima. Salfeti ikiingia kwenye tope lisilo na hewa kabisa inageuka ile gesi yenye harufu ya yai viza, inaua mizizi, na mzizi uliokufa hauzuii tena chuma, kinaingia kama mlango umeachwa wazi. Baada ya siku kumi ukikanyaga tope lile mapovu yanapanda na harufu inakupiga puani, majani yote kutu. Tangu hapo nikiona utando kwenye maji SA sigusi, nikihitaji naitrojeni natumia urea.

Kuna picha ambazo zinakuja na zote mbili kwa pamoja, majani ya chini kutu na ya juu yamepauka, kwasababu mizizi iliyofunikwa na chuma haiwezi kunyonya hata naitrojeni iliyopo pale pale. Hapo mtu anauliza nianze na ipi. Anza na maji. Fungua, kausha, subiri mizizi mipya myeupe, ng'oa shina moja uione kwa macho na karatasi yako, ndo uweke urea. Ukiweka kabla, ni kumpa chakula mtu aliyefungwa mdomo.

Mdogo wangu hatimaye alinunua mfuko mmoja tu. Ule mwingine hela yake iliishia kwa vijana waliochimba mfereji.